Kibao cha Mfano

Jina langu sitaliandika hapa. Nimeliandika mara moja mahali pasipostahili, na hiyo mara moja imenitosha. Pale barabarani nilipoanzia kazi wananiita Marehemu mpaka leo, na mimi naitika.

Kabla ya hapo walikuwa wananiita Msomi. Nina shahada ya takwimu, daraja la pili la juu, na cheti chake kimelala kwenye bahasha chini ya godoro langu kama mgonjwa asiyetaka kutembelewa. Mwaka mmoja na nusu nilizunguka na nakala zake kila ofisi yenye mlango. Nilifundishwa kukadiria uwezekano wa jambo kutokea, na kwa hesabu zangu mwenyewe uwezekano wa mimi kuajiriwa ulikuwa unapungua kila mwezi. Mama yangu, aliye mbali shambani, yeye hakuwa na hesabu hizo. Alikuwa na swali moja tu, kila nilipompigia kupitia simu ya jirani: kazi umepata? Siku moja nilichoka na hilo swali nikamjibu kwamba nimepata, ofisini, nina meza yangu.

Akasema, "Basi mshahara wa kwanza, mwanangu, tumtengenezee kaka yako kibao." Nikamwahidi. Ningesemaje?

Kaka yangu alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Kila karo niliyolipiwa akiwa hai ilitoka kwenye kuta za watu, na alikuwa akirudi nyumbani ana madoadoa mpaka kwenye kope. Alipofariki kwa homa nilikuwa kidato cha tatu, na kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri, Mama aliniomba niandike kibao cha kaburi. Nilichukua kipande cha bati jipya linalong'aa, nikachukua rangi iliyobaki kwenye kopo la kaka mwenyewe, nikaandika. Siku ile kila mtu alisema nina mkono. Ilikuwa rangi ya maji, ya kuta za ndani. Mvua za mwaka ule zilipoanza jina lilichuruzika, likawa michirizi, halafu likawa si kitu. Mama alikuwa anakwenda kusimama mbele ya bati tupu. Hakuwahi kunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko lawama.

Chuoni niliandika mabango ya kila aliyegombea chochote, na ya kila sherehe. Nilijua mkono ninao. Kwa hiyo asubuhi moja, mwenye nyumba alipokuja kugonga kwa mara ya tatu, niliamka nikauza simu yangu. Nilinunua makopo mawili madogo ya rangi ya mafuta, nyeusi na nyeupe, thina ya kuyeyushia rangi chupa moja, msasa, na brashi mbili nyembamba za nywele laini. Brashi ya tatu, ile pana ya kupakia msingi, sikununua. Ilikuwa ya kaka. Niliipata ndani ya sanduku langu imefungwa gazeti, ngumu kama ubao, nikailoweka kwenye thina siku mbili mpaka ikalainika. Maji yake yalitoka na rangi ya kuta nisizozijua.

Mahali nilipata kwenye kibaraza cha seremala wa majeneza, barabara ya kwenda hospitali. Huyu seremala tulimwita Fundi Pole, kwa kuwa yeye humwambia pole kila anayeingia kwake kabla ya salamu, hata kama amekuja kuomba moto wa sigara. Alinipa ukuta wake wa nje na msumari wa kutundikia, na masharti yake yalikuwa mawili: nisimwagie rangi mbao zake, na nisicheke kwa sauti wateja wakiwepo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kibao cha kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Nilianza kushoto kwa madaha, herufi kubwa, mkia huku na mkia kule, na nilipofika mwisho nafasi ilikuwa imekwisha na herufi nne bado. Nikazibana kama watu waliochelewa msibani. Kinyozi alikitazama kile kibao, akaniuliza kama chuo nilikwenda kweli au nilipita nje. Alinilipa nusu, na hakukosea. Tangu siku hiyo nikajifunza kuhesabu kwanza: herufi zote, na nafasi zilizo kati ya maneno, halafu unatafuta katikati na kuanzia hapo kwenda pande zote mbili, ukikumbuka kwamba M hula nafasi ya mbili na I haili kitu. Takwimu hatimaye zilinifaa.

Lakini vinyozi ni wachache, na kibao kimoja humtosha kinyozi miaka kumi. Wanaokufa ndio hawakomi. Wiki ya pili Fundi Pole alinitazama nimekaa na brashi kavu, akaniambia niache kujifanya siuoni mlango wake. Watu waliokuwa wanachukua jeneza walihitaji na kibao, na walikuwa wanakwenda kukihangaikia mjini. Fundi wa kuchomelea wa jirani alikubali kunikatia bati na kulitia miguu ya chuma. Mimi nililiosha kwa siki na sabuni kuondoa ule utelezi wa bati jipya, nikalipiga msasa, nikalipaka rangi ya msingi, kisha nyeupe, nikaliacha lilale mpaka kesho yake. Baada ya hapo ndipo nikapiga mistari kwa uzi wa chaki na kuandika. Hatua hizo sikuzipata kwenye kitabu. Nilizipata kwa kulifikiria lile bati la nyumbani, nikijiuliza nilikosea wapi, na jibu lilikuwa kila mahali.

Tatizo ni kwamba mtu mwenye msiba hanunui asichokiona. "Weka mfano," Fundi Pole akasema. Nikaandika kibao kizuri: JINA LA MAREHEMU, AMEZALIWA, AMEFARIKI. Siku nne hakuna aliyekigusa. Fundi Pole akanieleza sababu, na katika mambo ya biashara yake hakuwa mtu wa kubahatisha. Alisema mfiwa akiona maneno matupu anaona bati. Akiona jina la mtu anamwona mtu wake.

Jina la nani, sasa? Huwezi kuandika jina la mtu baki aliye hai, utapigwa. Nilikaa na penseli nikaanza kuandika la kaka. Ndilo lililokuwa sawa, na ndilo nililoahidi. Nilipofika herufi ya tatu mkono ulisimama. Haukutetemeka, ulisimama tu, kama punda aliyeona nyoka. Nilijaribu tena baada ya chai, ukasimama palepale. Nikafuta. Na kwa hasira, hasira yangu mimi mwenyewe juu yangu mimi mwenyewe, niliandika jina langu. Majina yote matatu. Mwaka wangu wa kuzaliwa. Na tarehe ya kufariki nikaweka siku ya mahafali yangu, maana niliona kama ni mzaha mzuri.

Fundi Pole alikuja akasoma, akanitazama, akasoma tena. Hakucheka. Alisema jina la mtu si kitu cha kuchezea, hasa barabara hii. Mimi nikamjibu kisomi kwamba bati halina masikio. Basi akainua mabega, na kuanzia hapo akaniita Marehemu.

Siku ileile walinunua wawili.

Nisingependa kusema uongo: kazi ilishika. Mwezi wa pili mwenye nyumba alianza kunisalimia yeye kwanza. Lakini kuna kitu kilibadilika ambacho sikuweza kukipiga hesabu. Watu walikuwa wanasimama mbele ya kile kibao. Hawakuwa wateja, walikuwa wapita njia tu. Nilikuwa naona midomo yao ikitembea, wanatoa mwaka kwa mwaka, wanapata umri, wanatikisa kichwa. Mama mmoja aliyeuza mboga aliniambia, "Alikufa mdogo, masikini." Nikamwitikia kwamba ni kweli. Akaniuliza alikuwa ndugu yangu? Nikasema ndiyo, na nilipomaliza kusema hivyo nilihisi baridi mgongoni, kweupe, jua la saa sita.

Asubuhi nyingine nilikuta mtu ameweka ua chini yake, limeshaanza kunyauka. Sikumjua aliyeliweka. Nililiokota nikalitupa, kisha nikarudi nikaliokota tena jalalani nikaliweka palepale, na sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nilianza kukifuta vumbi kile kibao kabla ya kufungua makopo. Nilianza kupita upande wa pili wa barabara nikitoka, ili kisinione. Mtu akiniita kwa jina langu halisi, nilichelewa kuitika, kama anayeitwa ni mwingine na mimi nimeachiwa tu nyumba yake niilinde.

Na ile brashi ya kaka. Kila nilipopaka msingi nilisikia namna kaka alivyokuwa akipaka, mipigo miwili mirefu na mmoja mfupi. Mkono wangu ulikuwa unafanya hivyohivyo na sikuwahi kuufundisha. Kila jioni nyeupe kidogo ilibaki kwenye kopo, ya kutosha kibao kimoja, nami nikasema kesho nitamwandika. Kesho ikafika, nikamwandikia mtoto wa mtu mwingine, bibi wa mtu mwingine. Mama alingoja. Simu sikuwa nayo, na hilo lilinifaa, kwa kuwa asiyepigiwa haulizwi.

Kilichotokea kilipitia kwa dereva wa lori la mizigo anayekwenda kwetu. Ananijua tangu navaa kaptula. Alikuja alfajiri moja kuchukua jeneza alilotumwa, mlinzi wa usiku wa Fundi Pole akamfungulia, wakapakia. Alipogeuka akaliona jina langu, na mwaka wangu, ukutani. Baadaye nilimlaumu kwa nini hakuuliza. Akanijibu, ni nani anayemuuliza seremala wa majeneza kama aliyeandikwa amekufa kweli?

Siku tatu baadaye nilikuwa juu ya ngazi nikiandika duka la dawa mtaa wa tatu. Mchana nikashuka, nikarudi kibarazani nikiwa na njaa na mawazo ya kawaida kabisa. Niliona lori kwanza. Halafu nikamwona Fundi Pole amesimama na kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa akisema pole. Halafu nikamwona Mama.

Alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi la mbao, miguu ameinyoosha, ameshakitungua kile kibao msumarini na kukilaza mapajani. Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya tarakimu moja, tisa ya mwaka wangu wa kuzaliwa, kinazunguka kichwa chake na kuteremka kwenye mkia. Fundi Pole alikuwa ameshamwambia mara kumi kwamba niko hai, nimekwenda kazini. Mama alikuwa amemsikia kama unavyomsikia mtu anayekubembeleza.

Niliita. Aliinua uso, akaanza kunitazama kutoka miguuni, taratibu, kwenda juu. Alipofika usoni alikaa hapo muda mrefu.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikasema bado. Akatikisa kichwa, akarudisha macho kwenye bati. Nilipiga magoti nikaanza kueleza, maneno yanakanyagana, kwamba ni mfano tu, Mama, ni biashara, ni mzaha, mteja asipoona jina hanunui. Aliniacha nikamaliza.

"Wenzangu walilia kwa ajili ya jina," akasema. "Dereva alipolitaja walianza palepale. Mimi sikulia. Nilisema majina yanafanana. Nimefika hapa, nimeiona hii tisa. Hii tisa naijua, uliipinda hivihivi kwenye ya kaka yako. Ndipo nikalia. Nikasema, mwanangu amejiandika mwenyewe kabla ya kwenda. Basi alijua anakwenda, na hakuniambia."

Fundi Pole aligeuka akaingia ndani. Mimi nilibaki nimepiga magoti na rangi ya duka la dawa mikononi. Niliona aibu ambayo sijaiona tena tangu hapo, aibu yenye uzito, inayokaa kifuani kama gunia.

Mama akaniuliza habari za ile ofisi. Nikamwambia hapakuwa na ofisi. Meza? Nikamwonyesha ubao juu ya ndoo mbili. Aliutazama, akatazama makopo, akaiona brashi pana, akaichukua. Aliigeuza, akaona kwenye mpini zile alama za meno, kwa kuwa kaka alikuwa na tabia ya kuing'ata akipanda ngazi. Akaiweka chini polepole.

"Umeshaandika vingapi?"

"Arobaini na kimoja." Mtu wa takwimu hasahau idadi.

"Na cha kaka yako kilikuwa cha ngapi?"

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningepona. Nikamwambia ukweli, kwamba nimejaribu, kwamba mkono unasimama herufi ya tatu. Nikamwambia pia lile ambalo sikuwahi kulisema kwa sauti, kwamba aliyelifuta jina la kaka si mvua, ni mimi, na naogopa kulifuta mara ya pili.

Mama alifungua fundo la kanga yake. Alitoa noti zilizokunjwakunjwa na sarafu, zile za watu wengi, akaziweka juu ya bati, juu ya jina langu.

"Hizi ni rambirambi zako," akasema. "Majirani wamechanga. Wengine hawana hata chumvi ndani na wamechanga. Niandikie kibao."

Nilirudi nyuma. Nikamwambia Mama, siwezi kupokea, nitamwandika bure, nitamwandika leo.

"Kile cha bure kiliondoka na mvua," akasema. "Hiki nalipia. Wakiniuliza fedha zimekwenda wapi nitawaambia zimekwenda kaburini, na sitakuwa nimesema uongo. Na sitaki bati jingine. Hili nimeshalililia, siwezi kuanza upya kwenye jingine."

Nikazipokea. Zilikuwa nzito kuliko zilivyokuwa nyingi.

Nikaanza kupiga msasa palepale, yeye akinitazama. Jina langu halikutaka kutoka. Rangi ya mafuta iliyokauka vizuri juu ya msingi mzuri haitoki kirahisi, na safari hii nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa. Weusi ulikwisha, vumbi la kijivu likajaa kwenye nywele za mikono yangu, lakini ukipitisha kidole bado ulikuwa unahisi kingo za herufi. Kwa mteja mwingine ningesugua mpaka chuma. Lori lilikuwa linaondoka keshokutwa, na nyeupe inahitaji siku nzima kulala. Nikapaka nyeupe kwa brashi ya kaka, mipigo miwili mirefu na mmoja mfupi, na Mama alipoona hivyo alifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Kesho yake nilipiga mistari. Nikahesabu herufi, nikapata katikati, nikaegemeza mkono kwenye kijiti chenye kitambaa ili usitikisike. Ya kwanza ikaja. Ya pili ikaja. Ya tatu mkono ukasimama. Mama alikuwa nyuma yangu kwenye kigoda cha Fundi Pole, na nadhani aliuona mgongo wangu.

"Ulikuwa mtoto wakati ule," akasema. "Na rangi alikununulia nani? Hakuna. Andika."

Nililia nikiwa naandika, wala sikuficha, na rangi ya mafuta haijali maji. Nilipomaliza tisa ya mwaka wake niliupinda mkia kama kawaida. Fundi Pole alitoka akasoma, akavua kofia, akamwambia Mama pole. Alikuwa ameichelewesha siku nzima.

Nilikwenda na Mama na dereva kukisimika kaburini. Watu wa kwetu walikuja kuniangalia mimi kuliko kibao. Walinisalimia kwa vidole, wakinigusa begani kidogo kuhakikisha. Kisha nikarudi mjini kazini. Ukutani kwa Fundi Pole sasa pana bati jeupe lisilo na neno, na mteja akiniuliza jina liko wapi namwambia alete yeye. Nauza kidogo kuliko zamani, lakini nauza.

Rangi ya kibao cha kaka haijabanduka. Mvua mbili zimeshapita. Ila nilipokwenda mara ya mwisho nilifika kaburini mapema, jua likiwa bado chini, linapiga bati kwa ubavu, na nikaziona: kingo za herufi za jina langu, chini ya za kaka, zimeinuka kidogo kwenye weupe, majina yote matatu na ile tarehe. Jua likipanda zinapotea. Nilimwambia Mama nitalichukua nilisugue vizuri mpaka chuma, nilianze upya. Akakataa. Wengine wote wanalisoma jina la kaka. Mama huenda pale asubuhi, na anasoma yote mawili.